Nywele Zikivuka Bega

Fundi wa picha akiletewa kazi ya kurefusha nywele, jicho lake hukaa kwenye nywele. Jicho la mtazamaji hupita hapo haraka na kutua chini zaidi: kwenye shingo ya gauni, kwenye mzingo wa bega, kwenye kitambaa cha kifuani. Hapo ndipo mtu husema "picha hii ina kitu," hata kama hawezi kukitaja hicho kitu. Shungi refu jeusi limewekwa juu ya nguo, lakini nguo haina habari nalo. Hakuna kivuli chini yake, halikuinuka lilipokutana na lesi, na nywele zinazoshuka kuelekea kushoto juu ya bega zinageuka ghafla kuelekea kulia chini yake.

Kazi hii huombwa mara nyingi. Mwenye saluni anataka bango la dirishani lionyeshe nywele ndefu kuliko zile alizokuwa nazo mwanamitindo siku ya kupigwa picha. Bibi harusi alivaa wigi refu kanisani na nywele za mabegani siku ya sendofu, na sasa anataka albamu nzima ifanane. Programu ni zile zilizozoeleka: Photoshop kwa anayeilipia, GIMP au Krita kwa anayetaka ya bure. Zote zinafanya kazi kwa matabaka, ambayo vijana wa studio huyaita leya, yaani picha iliyopangwa kama karatasi angavu zilizolaliana ili kila kilichoongezwa kiweze kusogezwa au kufutwa bila kuharibu kilicho chini. Kazi nzuri na kazi mbovu hutoka kwenye programu ileile. Hutofautiana kwa maamuzi yanayofanywa kabla brashi haijagusa kitu.

Tuchukue picha ya huyo bibi harusi wa sendofu. Amesimama akimtazama mpiga picha, kichwa kimeinama kidogo upande wake wa kushoto. Amevaa gauni la kitenge cha bluu na manjano lenye shingo ya mviringo iliyozungushiwa ukanda wa lesi nyeupe. Mwanga unatoka dirishani, upande wa kushoto wa picha. Nywele ni za kushonea, zimenyooka, na zinaishia begani huku ncha zikiwa zimekunjwa ndani kwa pasi. Hereni zake ni ndefu. Picha ilipigwa kwa kamera nzuri na ina upana wa pikseli 4000 na urefu wa pikseli 6000. Anataka nywele zifike kifuani.

Ni yeye mwenyewe anayetaka, na hilo linafaa kuthibitishwa kabla ya jambo lolote, kwa sababu nywele za mtu zina maana kwake. Novemba 2017 mwigizaji wa Kenya Lupita Nyong'o alilalamika hadharani kuhusu jalada la jarida la Grazia la Uingereza. Sehemu ya nywele zake za asili ilikuwa imefutwa kwenye picha na iliyobaki kulainishwa, bila yeye kushirikishwa. Mpiga picha, An Le, aliomba radhi. Fundi anayeletewa picha na mtu wa tatu ana haki ya kuuliza kama mwenye sura anajua.

Baada ya ridhaa huja kipimo. Mteja anasema "zifike hapa" na kuonyesha kwa kidole, lakini kidole hakiingii kwenye kompyuta. Njia rahisi ni kutumia uso wake kama rula. Kwa mtu mzima, kutoka pale nywele zinapoanzia kwenye paji la uso hadi kidevuni ni karibu sentimita 18. Kwenye picha hii umbali huo una pikseli 1400, kwa hiyo kila sentimita ya mwili wake ni takriban pikseli 78. Akitaka kuongezewa sentimita 20, fundi ana pikseli zipatazo 1550 za kujaza. Anaweka alama pale zinapoishia na kumwonyesha mteja kabla ya kuendelea.

Hesabu hiyohiyo inafichua jambo ambalo wengi hulikosa. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa kati ya milimita 0.05 na 0.1. Katika picha hii milimita moja ni pikseli zisizofika nane, maana yake unywele mmoja mmoja una takriban nusu ya pikseli. Kamera haikuuona peke yake. Ile mistari tunayoiona kichwani na kuiita nywele ni vifungu vya nywele nyingi zilizoshikana, na kila kifungu kina upande wenye mwanga na upande wenye giza. Anayeketi na brashi ya pikseli tano na kuchora mstari mmoja mmoja akidhani anachora nywele, anachora kamba zenye zaidi ya nusu milimita. Ndiyo maana nywele zilizochorwa kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho mara nyingi huonekana za plastiki. Umbo kubwa hutolewa kwenye nywele halisi za picha ileile, na brashi huja mwishoni kabisa kwa nywele chache zinazopeperuka peke yake.

Sasa bega. Kwenye picha iliyopigwa kutoka mbele, nywele zilizo mgongoni hazionekani chini ya bega, zimezibwa na mwili. Mtu mwenye nywele za kiunoni akizitupa zote nyuma na kutazama kamera, huonekana sawa na mwenye nywele za mgongo wa juu. Kwa hiyo kurefusha nywele kwenye picha ya namna hii maana yake hasa ni kuchagua mashungi yatakayopita mbele. Hili ni uamuzi wa kwanza mzito, na likikosewa hakuna ufundi wa baadaye utakaoliokoa. Kwa bibi harusi wetu, kichwa kimeinama upande wake wa kushoto, na nywele za upande huo zimeachana na shingo na kuning'inia mbele kidogo. Hizo ndizo zinazoweza kushuka kifuani kwa hiari yake. Upande wa kulia nywele zimebanwa kati ya shingo na bega, kwa hiyo ni bora nyingi zibaki nyuma na shungi moja jembamba tu litoke mbele. Mafundi wengi hurefusha pande mbili kwa kipimo kimoja, na picha hutoka kama mtu aliyevaa skafu mbili.

Mwelekeo wa nywele unafuata sheria inayobadilika njiani. Kichwani nywele hufuata fuvu. Kuanzia karibu na sikio huachana na kichwa na kuanza kuvutwa na uzito wake tu. Zikifika begani huzuiwa: zilizo nje hupanda juu ya mzingo wa bega na kupinda, zilizo karibu na shingo hupita ndani ya bega, juu ya mtulinga, bila kupinda sana. Baada ya hapo uzito huchukua tena, na nywele hushuka wima hadi kitu kingine kizizuie.

Kuna mtego katika neno hilo, wima. Kichwa kikiinama, nywele zilizoachana nacho hazikiinamii. Zinaelekea ardhini. Fundi akiendeleza mstari wa nywele kwa kufuata pembe ya uso, atapata nywele zinazoning'inia mshazari kana kwamba kuna upepo unaopuliza upande mmoja tu. Anahitaji timazi, na picha nyingi zina timazi yake. Hereni ndefu iliyotulia huonyesha hasa ardhi iko upande gani. Kidani chenye kito kizito hufanya hivyo pia, ingawa huweza kusukumwa na kifua. Hata pindo la pazia nyuma yake linatosha. Katika picha yetu hereni inaonyesha kwamba kamera yenyewe ilikuwa imelala kidogo, hivyo wima ya kweli inapishana kidogo na ukingo wa picha. Nywele mpya zitafuata hereni.

Kwa hiyo kazi huanza kwa mistari isiyobaki. Fundi anafungua tabaka tupu juu ya picha, anachagua rangi ya kupiga kelele kama nyekundu, na kuchora mistari saba au minane kutoka karibu na sikio hadi kwenye alama ya mwisho. Mstari wa nje unapinda kwenye bega, wa ndani unashuka karibu moja kwa moja, ya katikati inagawana tofauti hiyo. Kuelekea chini mistari inakaribiana kwa sababu shungi husinyaa likielekea nchani. Mistari ikikatana ovyo, nywele nazo zitakatana. Huu ndio ramani ya kazi yote, na hufutwa mwishoni.

Vipande vya nywele hutolewa wapi? Mahali pazuri ni kati ya shavu na taya, ndani ya wingi wa nywele, mbali na ukingo. Ukingoni kila unywele umechanganyika na rangi ya ukuta ulio nyuma, na ukibebwa hadi kwenye kitenge utakuja na ukuta wake, uzi mweupe unaozunguka shungi. Pia ule mkanda wa mng'ao uliopo pale nywele zinapopinda juu ya kichwa usiguswe. Mng'ao huo umetokana na umbo la fuvu likikutana na dirisha. Ukinakiliwa, kifuani patatokea mng'ao wa pili usio na sababu, na wa tatu chini yake.

Kwenye Photoshop kipande huzungushiwa kwa `Lasso` yenye ukingo uliolainishwa kama pikseli 8, kisha `Ctrl+J` hukipa tabaka lake, na `Ctrl+T` pamoja na `Warp` hukipinda kifuate mstari mwekundu. Kwenye GIMP kipande hukatwa kwa `Free Select`, hunakiliwa kuwa tabaka jipya na kupindwa kwa `Warp Transform`. Kishawishi kikubwa ni kukivuta kipande kimoja hadi kifike chini. Kipande cha pikseli 600 kikivutwa hadi 1550, mng'ao, mawimbi madogo na chembe za picha vyote hurefuka karibu mara mbili na nusu, na jicho huona mpira uliovutwa. Kuvuta kwa sehemu ya kumi ya urefu wake hakuonekani. Zaidi ya hapo ni afadhali kuongeza kipande kingine.

Vipande hupangwa kama makuti ya paa. Anayeezeka huanza chini, na kila safu inayofuata hufunika vichwa vya safu iliyotangulia, ili mshono usionekane na mvua isipite. Kwa nywele pia safu ya kwanza ni ile ya nchani, kifuani. Juu yake huja safu nyingine inayoifunika kwa pikseli kama 200, na kuendelea hadi kwenye taya. Kwa vipande vya pikseli 600, safu nne zinamaliza urefu wetu. Kila kipande kina maski yake, na kwa brashi laini nyeusi kwenye maski ncha za kipande hufifishwa kwa vidole vidole vya urefu tofauti, kimoja kifupi, kingine kirefu. Maungio yakiwa kwenye mstari mmoja, hata yakiwa laini kiasi gani, huonekana kama alama ya mpira wa kubania nywele.

Kipande kisigeuzwe kama kwenye kioo ili kupata "nywele tofauti." Mwanga wetu unatoka kushoto. Kipande kilichogeuzwa kitakuwa na mwanga upande wa kulia, na kikikaa jirani na ambacho hakikugeuzwa, shungi zima litaonekana kama lina taa ndani. Tofauti ipatikane kwa kuchukua kutoka sehemu mbalimbali za kichwa na kubadilisha upana, kimoja pikseli 150, kingine 250.

Hapa ndipo ncha za zamani zinapoleta shida, na hapa ndipo kazi nyingi huanguka. Ncha za nywele ni chache kuliko katikati, kwa sababu nywele zote hazina urefu sawa. Kwa bibi harusi wetu pia zimekunjwa kuelekea ndani. Anayeunganisha nywele mpya kwenye ncha hizo anapata mashungi yenye kiuno chembamba begani na mwili mnene chini yake, kitu ambacho nywele hazifanyi. Maungio lazima yapande juu ya ncha, kwenye usawa wa taya, karibu pikseli 300 kabla ya bega, mahali ambapo nywele bado ni nene na zinaelekea chini. Ncha za zamani zifunikwe kabisa. Zile zinazochomoza pembeni na kukunjwa juu ya kitenge haziwezi kufunikwa, kwa hiyo hufutwa kwa kunakili kitenge kilicho jirani kwa `Clone Stamp`, kwa uangalifu ili ua la kitenge lisikatwe katikati. Hii ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato. Mteja hatajua kamwe kwamba ilifanyika, na ikiachwa atajua mara moja.

Nywele zikishakaa kwenye mistari yake, fundi anageukia nguo.

Shungi la kushoto linashuka kutoka bega, linakutana na lesi, linapita juu ya kifua, na chini ya kilele cha kifua linaachana na kitambaa na kuning'inia hewani. Kila hatua ina alama yake. Lesi imeinuka juu ya kitenge kwa milimita mbili hivi, na ni ya kukwaruza. Nywele zikipita juu yake huinuka kidogo na kutengana, kisha hurudi chini. Kwa `Warp` hatua hiyo ni ndogo sana, pikseli 10 au 15 za kuusukuma ukingo wa shungi nje na kuurudisha, na uwazi mwembamba unaoachwa kati ya vifungu viwili ili lesi ionekane katikati yao. Gauni lingekuwa la hariri au satini, nywele zingeteleza na kushuka kwa kundi moja. Kwenye pamba yenye wanga kama kitenge kipya, hushikwa hapa na pale na ukingo wa shungi huwa na vinyweleo vilivyobaki nyuma.

Nywele hazifuniki nguo kabisa pia. Katikati ya shungi weusi ni mzito, lakini kuelekea kingo na nchani kitambaa huchungulia. Ua la manjano la kitenge likionekana vipande vipande kati ya nywele za mwisho, mtazamaji huamini kuwa nywele ziko juu ya nguo hiyo hasa. Nchani shungi lisikatwe kama kwa mkasi, isipokuwa mtindo wenyewe ni wa kukatwa hivyo. Vifungu viishie kwenye vimo tofauti, vingine pikseli 100 au 150 kabla ya vingine.

Kisha kivuli, na hiki kinastahili muda zaidi ya kitu kingine chochote katika kazi hii. Tabaka la kivuli hukaa kati ya nguo na nywele, na hali yake ya kuchanganyika huwekwa kuwa `Multiply`. Hali hiyo huizidisha rangi ya kivuli na rangi ya kitambaa, ili manjano ibaki manjano iliyotiwa giza na bluu iwe bluu nzito. Kijivu kikipakwa kwa hali ya kawaida, manjano na bluu vyote huelekea kijivu, na kitenge huonekana kimepakwa masizi. Rangi yenyewe haibuniwi. Huchukuliwa kwenye kivuli ambacho kitenge tayari kinacho, kwa mfano kwapani au ndani ya mkunjo wa kiuno, kwa sababu hapo kamera imeshaonyesha kivuli cha chumba kile kina rangi gani.

Vivuli viko viwili. Cha kwanza ni cha mgusano: chembamba, cheusi, kimebana chini ya ukingo wa shungi pale linapolala juu ya nguo, upande wa kulia, kwa kuwa dirisha liko kushoto. Upana wa pikseli 8 hadi 10 unatosha. Cha pili ni kile cha nywele zilizoachana na nguo. Chini ya kilele cha kifua shungi linaning'inia labda sentimita moja au mbili mbele ya kitambaa, na kivuli chake husogea mbali nalo, hupanuka, hulainika na kufifia. Fundi anayepaka kivuli kimoja chenye ukali mmoja kutoka bega hadi nchani ameibandika nywele kwenye nguo kama stika. Anayekiacha kibane juu na kuachana nalo chini amempa mtazamaji umbo la mwili bila kuuchora mwili.

Upande wa kulia kazi ni fupi. Nywele zilizobaki nyuma huwekwa kwenye tabaka ambalo maski yake inafuata ukingo wa bega na shingo, ili bega lizizibe. Hapo kivuli hugeuka: shingo na bega ndivyo vinavyotia nywele giza. Zikiachwa na weusi uleule wa mbele zitaonekana kuruka mbele ya bega hata kama maski ni sahihi. Kuzipunguzia mwanga kidogo kunazirudisha nyuma.

Brashi sasa inaruhusiwa. Kwa kuwa unywele mmoja ni chini ya pikseli moja, brashi ya pikseli 1 au 2 yenye uwazi wa nusu ndiyo inayofaa, na rangi tatu huchukuliwa kutoka kichwani: ya gizani, ya kati, na ya mng'ao. Nywele nyeusi haziwi nyeusi tii kwenye picha. Mwanga wa anga unaoingia dirishani huzipa mng'ao wa kibuluu, na balbu ya manjano huzipa kahawia. Asiye na kalamu ya kompyuta inayohisi shinikizo la mkono ana njia nyingine: huchora mstari kwa `Pen`, kisha huupaka kwa `Stroke Path` akiwasha `Simulate Pressure`, na mstari hutoka mwembamba mwanzoni na mwishoni. GIMP ina kitu hichohicho, huitwa `Emulate brush dynamics`. Nywele kumi au kumi na tano za namna hii, zinazovuka maungio na kingo, zinatosha. Hamsini ni nyingi mno kwa nywele zilizopigwa pasi asubuhi hiyo.

Kuna jambo la ukali wa picha. Mpiga picha akifungua lenzi sana, macho huwa makali na mabega huanza kulainika. Vipande vilivyotolewa karibu na shavu ni vikali, na vikiletwa begani huwa vikali kuliko nguo vilizolalia. Fundi anaikuza picha hadi aone nyuzi za kitenge, analinganisha na nywele zilizo juu yake, na kuzilainisha kwa `Gaussian Blur` ya pikseli 1 au chini ya hapo mpaka vifanane. Ulainishaji huo hufuta zile chembechembe ndogo ambazo kamera huacha kwenye sehemu za giza, kwa hiyo hurudishwa kidogo kwa `Add Noise`. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp ina shida yake ya ziada, kwani imebanwa na nywele zimeshageuka madoa ya mraba. Nywele kutoka kwenye madoa hazitatoka nzuri. Mteja aombwe faili halisi, au aitume kama hati badala ya kuituma kama picha.

Makosa yaliyobaki huonekana kwa njia mbili. Moja ni kuigeuza picha nzima kama kwenye kioo kwa muda. Jicho lililozoea picha hupoteza mazoea yake, na shungi lililoelekea vibaya hujitokeza. Nyingine ni kuweka tabaka la `Curves` juu ya yote na kuipandisha mwangaza hadi sehemu za giza zifunguke. Katika weusi wa nywele, jicho haliwezi kuona kwamba kipande kimoja ni cheusi zaidi ya jirani yake. Simu yenye skrini kali, au mashine ya kuchapa albamu, inaweza kuonyesha. Tabaka hilo huyafichua maungio yote, kisha hufutwa.

Yote haya yanahusu nywele zilizonyooka. Nywele za asili zisizonyoshwa zina tabia nyingine, kwa kuwa mzingo wake huzifanya zionekane fupi kuliko zilivyo, wakati mwingine chini ya nusu ya urefu wake wa kweli. Afro haishuki ikirefuka. Hupanuka. Kuiongezea urefu hadi ipite mabega ni kuipanua pande zote na kuiacha ikae juu ya mabega, ikiyatia kivuli kipana na laini, na vipande huchukuliwa ukingoni kwenye mizingo yenyewe.

Rasta nazo zina faida na mtego. Faida ni kwamba kila msuko ni kitu kimoja chenye ukingo wazi, na mpaka wa nywele na nguo si wa kubahatisha. `Puppet Warp` ya Photoshop, inayopinda kitu kwa kukitia pini, huufuata msuko vizuri: pini moja sikioni, moja juu ya bega, moja kifuani. Msuko haupindi kwa kona kali, na unapovuka bega huacha pengo dogo chini yake upande wa ndani, mahali ambapo kivuli cha mgusano kinakatika kwa sentimita moja hivi. Kila msuko una kivuli chake, na msuko uliolala juu ya mwenzake humtia kivuli huyo kwanza kabla ya nguo.

Mtego uko kwenye hatua za msuko wenyewe. Jicho hulihesabu bila kujua lile pindo linalojirudia, na kipande kilichonakiliwa mara mbili kwenye msuko mmoja hutambulika upesi kwa unywele uleule uliochomoka mahali palepale. Ni bora kipande cha msuko mmoja kirefushe msuko mwingine. Nywele za kusokota kwa nyuzi mbili zina upande wa kusokotwa, na msusi aliyeanza kuzisokota kulia mara nyingi humaliza kichwa kizima hivyo, kwa hiyo hata moja iliyogeuzwa kama kwenye kioo itaonekana imesokotwa kinyume cha wenzake. Na ncha zake hazinakiliwi kutoka katikati: huwa nyembamba, na zile za nywele za bandia zilizochovywa kwenye maji ya moto huwa zimenyooka, zimeshikana, na hazina vinyweleo, kwa hiyo ncha za zamani hukatwa zilivyo, husogezwa hadi kwenye alama ya mwisho, na urefu mpya huingizwa juu yake.